Kutoka Mhudumu hadi Msimamizi wa Mgahawa: Ratiba ya Zamu Ndiyo Mtihani wa Kwanza

Mhudumu anayepandishwa cheo kuwa msimamizi wa mgahawa tayari anajua kupokea wageni, kuchukua oda na kupanga meza. Ujuzi mpya anaouhitaji ni kugawa kazi hiyo kwa watu ambao jana walikuwa wenzake. Ugawaji huo huonekana kwanza katika ratiba ya zamu, na hapo ndipo wenzake humpima kama anatenda haki.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine, mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo, isipokuwa katika mazingira machache yanayohitaji makubaliano ya maandishi.

Tuchukue mfano wa mgahawa wenye wahudumu 7. Zamu ya asubuhi ni saa 12:00 hadi saa 8:30 mchana. Ya jioni ni saa 8:00 mchana hadi saa 4:30 usiku. Ukiondoa saa moja ya mapumziko, kila zamu ni saa 7 na nusu, ambazo kwa siku 6 ni saa 45 kamili. Nusu saa ambayo zamu hukutana hutumika kukabidhiana meza zilizohifadhiwa, vyakula vilivyokwisha na malalamiko ya wageni.

Wahudumu watatu hufanya kazi asubuhi na watatu jioni. Wa saba huziba nafasi za wanaopumzika: Jumatatu hadi Jumatano asubuhi, Alhamisi hadi Jumamosi jioni, naye hupumzika Jumapili. Mpangilio huo ukigeuzwa, atatoka saa 4:30 usiku na kurudi saa 12:00 asubuhi, yaani baada ya saa 7 na nusu tu.

Rafiki wa zamani anapoomba abadilishiwe zamu kwa namna hiyo, msimamizi hana budi kukataa na kueleza sababu. Kwa kuwa zamu ya jioni huenda ikawa na bakshishi zaidi na Jumapili hutamaniwa na wengi, nafasi zote 7 zizungushwe kila mwezi, na mhudumu ahamie zamu mpya baada ya siku yake ya mapumziko.

Katika wiki ya kwanza, msimamizi apate barua ya cheo na mshahara mpya, kisha azungumze na kila mhudumu faraghani. Wiki ya pili abandike ratiba. Wiki ya tatu aandike katika daftari kila ombi la kubadilishana zamu na kila uchelewaji, na anayekosea aonywe pembeni, si mbele ya wageni. Wiki ya nne alisome daftari hilo: majina yaleyale yakirudi kwenye maombi yaliyokubaliwa, upendeleo umeanza, na ratiba ya mwezi wa pili iurekebishe.