Bango la Fundi Simu

Bango la zamani kwenye kibanda cha fundi wangu, Kariakoo, lilikuwa na kijana mtanashati aliyeshika pasi ya kuchomelea kama kalamu. Vidole vyake vilikuwa kwenye chuma, si kwenye mpini. Ncha ya pasi ikiwa kazini hufika nyuzi 350 hivi za selsiasi, na hicho chuma kinachoibeba nacho hakishikiki. "Huyu alitakiwa awe wodini," fundi aliniambia. Mbele ya kijana palilala bodi yenye vikopo virefu vya kapasita. Hiyo ni bodi ya redio. Kwenye simu vipuri vingi ni vidogo kuliko punje ya mchele, na sehemu kubwa imefunikwa kwa vibati.

Alitaka bango jipya, nikaja na kamera. Nikamwomba afanye kazi ya kweli, asiigize.

Mezani palikuwa na simu iliyogoma kupokea chaji. Aliupasha moto mfuniko wa nyuma hadi gundi ikalegea, akapitisha kadi ya plastiki pembeni. Kila skrubu aliyoifungua aliiweka juu ya karatasi aliyochora umbo la simu, mahali pake ilipotoka. Hazilingani urefu, na ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi huweza kukata nyaya zilizo ndani ya bodi. Kisha, kabla ya kugusa kingine chochote, akachomoa kiungio cha betri kwa kijiti cha plastiki, maana cha chuma kingeweza kupiga shoti.

Hapo ndipo nilipopiga picha ya kwanza, kwa sababu simu nzima ilionekana: bodi kubwa juu, betri imekalia katikati yote, na chini kijibodi chenye sistimu chaji, maiki na spika. Bodi hizo mbili huunganishwa na mkanda mwembamba unaopita juu ya betri. Ukiona bango lenye simu iliyojaa bodi tupu, bila betri, ujue mchoraji hajawahi kufungua hata moja.

Akachomeka chaja, akashika mita. Kwenye sistimu chaji zilisoma volti 5. Akahamia mwisho wa mkanda, upande wa bodi kubwa: sifuri. Kwa hiyo umeme uliingia ukapotelea njiani, ama kwenye kijibodi ama kwenye mkanda. Alibadilisha mkanda kwanza kwa kuwa ndio rahisi, akapima tena. Volti 5.

Kazi ikaisha hivyo, kwa bisibisi, kibano na mita. Pasi haikuguswa kabisa, nami nikafurahi kwamba bango halitakuwa nayo. Fundi alipoiona picha alikataa. Tukarudia, safari hii pasi ikiwa nyuma, kwenye kishikio chake.

"Wasipoiona," alisema, "watadhani nauza makava."