Neno la Sheli na Sarufi ya Mababu

Mwaka 2010 Watanzania walikuwa na neno jipya mdomoni: kuchakachua. Lilivuma kutoka kwenye vituo vya mafuta. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, basi wajanja wakawa wanayachanganya humo na kuuza yote kwa bei ya dizeli. Gari likianza kukohoa njiani, dereva alijua mafuta yamechakachuliwa. Ulipofika uchaguzi wa Oktoba, neno likahamia kwenye kura. Mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo ule ukose faida. Neno lenyewe likabaki, na siku hizi hata asali huchakachuliwa.

Wapo walionuna, wakasema vijana wanakiua Kiswahili. Lakini hebu tumsikilize tena yule dereva. Hakusema "yamechakachuawa". Alisema "yamechakachuliwa". Hiyo li kaitoa wapi, wakati haimo katika chakachua? Kaitoa palepale tunapoitoa sote tunaposema fungua, funguliwa, pasua, pasuliwa. Neno lilikuwa changa, halijafundishwa darasani, na bado kila mtu alilinyambua vilevile. Mwenye mchezo huo akaitwa mchakachuaji, na kazi yake ikawa uchakachuaji.

Li hiyo ina historia. Hapo kale fungua ilikuwa na sauti ya L kabla ya irabu ya mwisho. Wasemaji wakaizoea kuiacha, ikadondoka, ikabaki imejificha katika funguliwa na fungulia. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa maneno mengine. Wachewa wa Malawi bado wanasema mvula na njala. Sisi tunasema mvua na njaa. Bila shaka masikio ya wazee wa enzi hizo yaliona vijana wanakula herufi. Leo mwanafunzi akiandika "mvula" kwenye insha, mwalimu atamkata alama. Uzembe wa jana ndio usanifu wa leo.

Hii haina maana kwamba kila neno lifae kila mahali. Hati ya kiwanja inahitaji maneno ambayo hakimu atayaelewa vilevile miaka 30 ijayo, na maneno mengi ya kijiweni hayafiki huko. Huchuja kabla ya waliyoyaanzisha kuota mvi. Hilo ni suala la kuchagua vazi kulingana na shughuli.

Basi ukisikia neno geni kwenye daladala, usikimbilie kulia. Lisikilize linavyotendwa, linavyokanushwa, linavyoingia katika wakati uliopita. Ukisikia kijana anamcheka mwenzake kwa kusema "yamechakachuawa", jua kwamba sarufi ina mlinzi, hata kama hajui kuwa analinda.