Rasimu ya Ngano ya Basotu Iliyorudi na Wino Mwekundu

Tuchukue mfano nilioutunga kutokana na rasimu za namna hii nilizosoma kama msimamizi. Mwanafunzi wa kilimo yuko Basotu, wilayani Hanang, kwa mafunzo kwa vitendo. Ameandika ripoti ya mavuno ya ngano, na msimamizi ameirudisha ikiwa na maneno manne pembeni: “Tani 18.5 kwa hekta? Umeota?” “Ardhi tupu? Uongo mtupu, futa!” “Sampuli tano hazitoshi, rudia.” Na mwisho: “Huu ni uvivu.”

Siku hiyo asijibu chochote. Kesho yake achukue karatasi, aipige mistari ipate safu tatu. Ya kwanza anakili maneno ya msimamizi yalivyo, bila kuyalainisha. Ya pili anaandika dai lililomo ndani ya maneno hayo. Ya tatu anaandika atakachofanya na ni ukurasa gani. Kazi kubwa iko safu ya pili, kwa sababu hapo ndipo ukali unapotengana na hoja. “Umeota?” ikivuliwa ukali inabaki hivi: tarakimu hii haiwezekani, onyesha ulivyoipata. “Huu ni uvivu” ikivuliwa ukali haibakizi dai lolote, basi safu ya pili iachwe wazi, na wala asilijibu.

Aanze na tarakimu, maana hiyo ikibadilika, maelezo mengi ya ripoti hubadilika nayo. Arudi kwenye daftari la shambani. Alikata ngano kwenye fremu ya mita moja kwa mita moja, mahali patano, akapura na kupima punje: gramu 210, 160, 245, 130 na 180. Wastani ni gramu 185. Hekta ina mita za mraba 10,000, kwa hiyo gramu 185 kwa mita ya mraba ni kilo 1,850 kwa hekta, yaani tani 1.85. Nukta ilihama. Na msimamizi alikuwa na sababu ya kushtuka: rekodi ya dunia iliyowekwa Nyuzilandi mwaka 2020 ilikuwa kama tani 17.4.

Akiwa hapo hapo ataona jambo ambalo msimamizi hakulitaja. Punje zilipimwa zikiwa na unyevu wa asilimia 18, ilhali ngano ya kuhifadhi hukadiriwa kwa asilimia 13. Azidishe 1,850 kwa 82, agawanye kwa 87, apate takribani kilo 1,744. Kwa ekari ni kama kilo 706, gunia saba za kilo mia. Mkulima wa Basotu akiisoma ripoti ataelewa gunia saba upesi kuliko tani kwa hekta.

Maneno ya pili yana mtego. Rasimu ilisema mashamba makubwa ya ngano yalianzishwa kwenye ardhi tupu. Amri ni kufuta, na kufuta ni rahisi, ila ripoti itabaki na pengo mahali palipokuwa na kosa. Dai lenyewe ni kwamba palikuwa na watu. Wabarabaig walichunga mifugo kwenye nyanda hizo kabla shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, halijafungua mashamba saba yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikakipa ushindi mwaka 1984, Mahakama ya Rufani ikautengua mwaka 1985. Sentensi mbili za namna hiyo, zikitajiwa chanzo chake, zinafaa kuliko nafasi tupu.

La tatu ni gumu, kwa kuwa msimamizi ana haki lakini agizo lake halitekelezeki: shamba limeshavunwa. Hapa watu wengi huongeza sampuli za kubuni, na huo ni udanganyifu. Wengine hukaa kimya wakitumaini halitakumbukwa. Njia safi ni kuandika ndani ya ripoti yenyewe kwamba sampuli zilikuwa tano, zikatofautiana kutoka gramu 130 hadi 245, na hivyo makadirio ni ya shamba hilo tu, si ya kata nzima. Sentensi yoyote iliyosema “mavuno ya Basotu” isahihishwe iseme “mavuno ya shamba hili”. Msimamizi akifungua rasimu mpya, huanzia kwenye sentensi hizo. Barua ya kurudishia rasimu ikidai marekebisho ambayo hayamo kurasani, atazidi kukasirika.

Barua hiyo iwe fupi, bila kujitetea:

“Shikamoo mzee. Nashukuru kwa kuisoma rasimu. Uk. 4: nukta ilikosewa, sasa ni tani 1.74 baada ya kurekebisha unyevu, na hesabu nimeiambatisha. Uk. 2: sijaifuta sentensi, nimeiandika upya na kutaja chanzo. Uk. 6: sikuweza kurudia kupima kwa kuwa shamba limevunwa, nimeeleza mipaka ya sampuli. Ukiona inafaa, msimu ujao tupime mahali kumi.”