Kipimo cha kifua kikuu: Kwa nini watu 385 hawatoshi Ntimaru

TUSEME watafiti wamefika Ntimaru, Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, wakiwa na kipimo kipya cha kifua kikuu. Wanataka kujua iwapo kinaweza kutumiwa kuwachunguza wakazi wote wazima, wenye kikohozi na wasio nacho. Swali lao la kwanza ni hili: je, wapime watu wangapi?

Wanachotafuta ni unyeti wa kipimo, yaani kati ya wagonjwa halisi, kipimo kinawatambua wangapi. Kipimo kikiwapita wagonjwa, watu hao hurudi nyumbani wakiamini wako salama huku wakiendelea kuambukiza jamaa zao.

Neno la kushika hapa ni "wagonjwa". Mtu asiye na kifua kikuu hatuelezi lolote kuhusu unyeti, hata wakipimwa elfu moja wa aina yake. Kwa hivyo hesabu huanzia kwa wagonjwa, kisha ndipo hurejea kwa wakazi wote.

Tuchukulie kuwa watafiti wanatarajia kipimo kitambue wagonjwa 80 katika kila 100, nao wanataka jibu lisilopotoka kwa zaidi ya asilimia 10 juu au chini. Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 kilichozoeleka, hesabu ni hii:

1.96 × 1.96 × 0.8 × 0.2 ÷ (0.1 × 0.1) = 61.5

Wanahitaji wagonjwa 62. Wakitaka ukingo wa asilimia 5 badala ya 10, idadi hupanda mara nne hadi 246, kwa sababu ukingo ukipunguzwa nusu, sampuli huongezeka mara nne.

Je, wagonjwa 62 watapatikana miongoni mwa watu wangapi? Uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu uliofanywa Kenya mwaka wa 2015 na 2016 ulihusisha watu 63,050 wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Waliothibitishwa kuwa wagonjwa walikuwa 305, sawa na mmoja katika kila watu 207. Ikiwa Ntimaru inafanana na nchi kwa jumla, 62 mara 207 ni watu 12,834. Kwa wagonjwa 246, itabidi kupima watu 50,922.

Hata hiyo 12,834 ni wastani tu. Idadi ya wagonjwa hubadilika kwa bahati, na karibu nusu ya tafiti za ukubwa huo zitapata pungufu ya 62. Anayetaka uhakika wa mara tisa kwa kumi ajiandae kupima watu wapatao 15,100.

Kosa la 385

Wanafunzi wengi wa utafiti hutumia idadi ya 385, inayotokana na hesabu ya kukadiria kiwango cha jambo fulani katika jamii kwa ukingo wa asilimia 5. Idadi hiyo ikipelekwa Ntimaru, itatoa wagonjwa wawili hivi. Kipimo kikiwatambua wote wawili, ripoti itaandika "unyeti asilimia 100". Lakini wagonjwa wawili hawawezi kuonyesha zaidi ya kwamba unyeti halisi uko mahali fulani kati ya asilimia 16 na 100.

Kwa kuogopa gharama, wengine hutafuta njia ya mkato. Huchukua wagonjwa 62 waliokwisha kulazwa hospitalini. Hesabu inatimia, ila wagonjwa hao wana vijidudu vingi katika makohozi, na kipimo huwatambua kwa urahisi kuliko mgonjwa wa kijijini ambaye hajaanza hata kukohoa. Unyeti huonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Wengine huotesha makohozi ya wale tu ambao kipimo kipya kimewaonyesha kuwa wagonjwa. Hapo aliyepitwa na kipimo hagunduliwi kamwe, na unyeti hutoka asilimia 100 kwa lazima. Kila anayeingia utafitini, au walau sehemu iliyochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya walioonekana wazima, lazima athibitishwe kwa kipimo cha marejeo.

Njia halali ya kupunguza mzigo ni kubadili swali. Watafiti wakiwachukua wote wanaofika kliniki na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, na tuseme mmoja katika kila kumi ni mgonjwa, watu 620 watatoa wastani wa wagonjwa 62. Lakini jibu litakuwa la wenye kikohozi pekee, wala haliwezi kutumiwa kupitisha kipimo kwa wakazi wote.

Kwa hiyo msomaji akiambiwa kipimo kilijaribiwa kwa maelfu ya watu, aulize wagonjwa walikuwa wangapi, na walipatikana wapi.