Barua ya Kuomba Lenzi na Giza la Mwezi

Barua nyingi za kuomba vifaa na muda wa ziada kwa ajili ya filamu ya kuhitimu zina ugonjwa mmoja. Baada ya "Husika na mada tajwa hapo juu", mwandishi anamwaga ukurasa mzima kuhusu mapenzi yake kwa sanaa na ndoto ya kuitangaza nchi. Vifaa vyenyewe vinakuja mwishoni kwa sentensi moja: kamera nzuri, lenzi, taa, na mwezi mmoja wa nyongeza. Jopo linamaliza kusoma bila kujua limeombwa nini hasa, wala nini kitaharibika likikataa.

Tatizo la jopo kwa kawaida ni stoo. Kamera nzuri ni chache, na wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho wanazitaka wiki zilezile. Kumpa mmoja ni kumnyima mwingine. Kwa hiyo walimu wanatafuta sababu ambayo wataweza kumweleza yule aliyenyimwa, na mapenzi ya sanaa hayawasaidii, maana hata huyo aliyenyimwa anayo.

Tuchukue mwanafunzi anayetengeneza filamu ya dakika 20 kuhusu wavuvi wa dagaa wa Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, siku hizi mara nyingi taa za sola. Taa inaelea juu ya maji, dagaa wanaifuata, nyavu zinawazunguka. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu ya kuwavuta, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa mwezi ukiwa mpevu. Usiku mzuri wa kurekodi ni ule wa giza, na giza la mwezi hurudi kila baada ya siku 29 na nusu hivi.

Hapo ndipo ombi lake la muda linapopata mguu wa kusimamia. Tuseme safari ya kwanza iliangukia siku za upepo mkali na mitumbwi haikutoka. Akiandika tu "hali ya hewa ilikuwa mbaya, naomba muda", jopo litamwambia arudi wiki ijayo. Akieleza kwamba wiki ijayo mwezi utakuwa mkubwa na wavuvi hawatatoka, kila mtu mezani anaelewa kuwa ucheleweshaji wa wiki moja umezaa mwezi mzima. Aweke kalenda ya mwezi kama kiambatisho, siku za giza zikiwa zimepigiwa mstari, na aombe kamera kwa siku hizo tu. Mtunza stoo ataona palepale kwamba kabla na baada ya hapo kamera ni ya wengine.

Upande wa vifaa, kila kitu kinachoombwa kifungwe kwenye picha fulani ya filamu. Lenzi iliyopo stoo, tuseme, mwisho wa uwazi wake ni f/4. Ndani ya mtumbwi mwanga pekee ni ule wa taa ya kuvulia. Ukilazimisha kamera ione gizani kwa kupandisha ISO, nyuso za watu zinajaa chenga. Lenzi ya f/1.4 inapitisha mwanga mara nane zaidi, kwani kutoka f/4 kwenda f/2.8, f/2 na f/1.4 mwanga unaongezeka mara mbili kwa kila hatua. (Stanley Kubrick alipotaka kupiga picha kwa mwanga wa mishumaa tu, katika filamu yake ya mwaka 1975, alitumia lenzi za f/0.7 zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA. Stoo ya chuo haifiki huko.)

Mwalimu mjuzi atauliza: kwa nini usiwashe taa yako mwenyewe? Barua ijibu kabla hajauliza. Taa ya pili ndani ya mtumbwi itashindana na ile ya kuvulia, na mvuvi aliyepoteza samaki wa usiku mmoja hatakubali kupanda na kamera usiku wa pili.

Swali la pili ni gumu zaidi, na ndilo linalotenganisha aliyejaribu na aliyesoma tu. Lenzi ikifunguliwa sana, sehemu inayoonekana kali huwa nyembamba. Kwa kamera ya sensa kubwa, lenzi ya milimita 50 kwa f/1.4, ikimlenga mtu aliye umbali wa mita mbili, inaacha takriban sentimita 13 tu zilizo kali. Mtumbwi unayumba zaidi ya hapo. Lenzi ya milimita 35 inaacha kama sentimita 27, tena inaonyesha mtumbwi kwa upana. Kwa hiyo aombe ya 35, aseme sababu, na aambatishe dakika mbili alizojirekodi nyumbani gizani kwa taa moja ya sola. Kipande hicho kinaweza kushawishi kuliko aya tatu za maelezo.

Hesabu ya kuhifadhi picha husahaulika, kisha huleta aibu kisiwani. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 45 kwa saa. Usiku mmoja wenye muda wa saa tatu za kurekodi ni gigabaiti 135, maana yake kadi moja ya gigabaiti 128 itajaa kabla ya nyavu za mwisho. Siku nne ni gigabaiti 540, na nakala lazima ziwe mbili, kila moja kwenye diski yake na kwenye begi tofauti. Diski mbili za terabaiti moja zinatosha; akiomba tano, jopo litajua hajapiga hesabu. Sauti ni suala jepesi hapa: maiki mbili ndogo za kubana shatini na mashine ya kurekodia, basi.

Kiini cha barua kinaweza kuwa kifupi hivi:

"Ninaomba kuongezewa wiki sita, na kuazimwa lenzi ya milimita 35 yenye uwazi wa f/1.4 kwa siku nane za giza zilizo kwenye kalenda niliyoambatisha. Siku nne ni za kurekodi, mbili za safari, na mbili za akiba endapo ziwa litachafuka. Karibu wiki tano zinazobaki ni za tafsiri ya mazungumzo kutoka Kikerewe na uhariri. Jaketi okozi ninazo, na nahodha wa mtumbwi ameridhia kwa maandishi. Kibali cha Bodi ya Filamu nimekiambatisha."

Ridhaa ya wavuvi isipite kama mapambo. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu sangara wa Mwanza ilizua hasira kubwa, hata Rais Kikwete akaishutumu hadharani mwaka 2006. Mgeni anayefika na kamera katika ziwa hilo anaweza kuulizwa picha zitaonyeshwa wapi, na jopo nalo lina haki ya kuuliza.

Limebaki jambo ambalo wanafunzi wengi hulikwepa: filamu itakuwaje ombi likikataliwa? Wengine huandika kwamba haitawezekana kabisa, na hapo jopo husikia kitisho. Afadhali ataje njia ya pili pamoja na gharama yake. Bila lenzi hiyo, atarekodi alfajiri, mitumbwi ikirejea na akina mama wakianika dagaa mchangani, na usiku utabaki kusimuliwa kwa sauti juu ya maji meusi. Filamu itakamilika, ila mhusika mkuu atakuwa mwanikaji badala ya mvuvi, na pendekezo ambalo jopo lenyewe lilipitisha litabidi liandikwe upya. Barua ipitie kwa msimamizi, naye aweke sahihi chini ya aya hiyo hasa, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa kama mabadiliko hayo yanakubalika.