Hisa Isiyozeeka

Kenya Power ina hisa za upendeleo za asilimia 7, zenye thamani ya awali ya shilingi 20. Gawio lake ni shilingi 1.40 kwa mwaka, halipandi wala halina mwisho. Basi bei ni kugawanya tu: ukitaka faida ya asilimia 14, gawa 1.40 kwa 0.14, upate shilingi 10.

Kampuni hugeuza hesabu hiyo. Tuseme imeuza hisa mpya ya namna hiyo kwa shilingi 10, gharama za kuuza zikala senti 50. Imebaki na 9.50, 1.40 gawa kwa 9.50 ni asilimia 14.7. Hiyo ndiyo gharama ya mtaji, na haipunguzwi na kodi kama riba ya mkopo.

Gawio likicheleweshwa miaka kadhaa, hata likilipwa lote baadaye, shilingi 10 ilikuwa ghali.