Lisansi ya Lubumbashi, Tangazo la Kigoma

Shirika la misaada mjini Kigoma linatafuta afisa miradi. Mstari wa elimu kwenye tangazo lake ni wa kawaida kabisa: shahada ya kwanza ya uchumi au sifa inayolingana nayo, kutoka chuo kinachotambuliwa. Miongoni mwa maombi yaliyofika, tuseme ipo sivii ya Mkongo aliyesoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Ameandika gradua ya uchumi, 2014; lisansi ya uchumi, 2016; alama asilimia 68. Hakuna mahali palipoandikwa neno shahada.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini sivii za aina hiyo ni za kweli, na hukutana na matangazo ya aina hiyo kila mara katika miji ya mpakani. Afisa rasilimali watu aliye na lundo la maombi mezani huvutwa kufuata njia ya mkato: anatafuta jina linalofanana na lile la kwenye tangazo. Akilikosa, anaiweka sivii kando. Na hata akilipata, huenda likampotosha zaidi.

Kinachomsaidia ni kuhesabu miaka. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, mwanafunzi alisoma miaka 6 ya shule ya msingi na 6 ya sekondari, akapata diploma ya taifa, ndipo akaingia chuo kikuu. Miaka 3 ya kwanza ilimpa gradua, na miaka 2 iliyofuata ikampa lisansi. Jumla ni 17. Mtanzania aliyepita njia ya kawaida amesoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na sita, kisha shahada ya kwanza ya miaka 3, yaani 16. Kwa kipimo cha muda peke yake, mwombaji wa Lubumbashi hajapungukiwa na kitu. Aliyemweka kando kwa kukosa neno shahada amemnyima haki yake, na shirika nalo limejinyima mtu.

Hapo panakuja jambo linalowatega hata wazoefu. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vikuu vya Kongo vilielekezwa kuhamia mfumo mpya wa lisansi, masta na doktora. Gradua imeondolewa. Lisansi mpya inasomwa miaka 3, na ile miwili ya juu sasa ni ya masta. Kwa hiyo vyeti viwili vya chuo kilekile, vya fani ileile, vyote vikiitwa lisansi, vinaweza kupishana kwa miaka miwili ya masomo. Cha mwaka 2016 kinafuatia miaka mitano chuoni. Cha mfumo mpya, mitatu. Mwaka ulioandikwa kwenye cheti una uzito sawa na jina lake, na sivii isiyoutaja haisomeki.

Kongo haiko peke yake katika hili. Ufaransa, bakalorea ni mtihani wa kumaliza sekondari. Burundi, jina hilohilo hupewa shahada ya chuo kikuu ya miaka mitatu.

Tanzania ina chombo cha kumaliza ubishi wa namna hii: Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Ndiyo inayotambua tuzo za vyuo vikuu vya nje na kueleza zinalingana na ngazi ipi ya hapa nchini. Ngazi za sifa za kitaaluma nchini ni 10: shahada ya kwanza iko ngazi ya 8, ya uzamili ya 9, ya uzamivu ya 10. Swali la kwanza ni kama chuo chenyewe kinatambuliwa na mamlaka za nchi kilipo. Linafuata swali la kiwango: mtu aliingia na sifa gani, alisoma kwa muda gani, na masomo yapi. Ndiyo maana mwombaji wa utambuzi asishangae kuulizwa vyeti vya sekondari wakati anataka shahada yake itazamwe.

Swali la chuo si la kupuuza. Mei 2015 gazeti la Niuyoku Taimsi lilifichua kampuni ya Aksakti ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa ikiuza shahada za mamia ya shule na vyuo vilivyokuwepo mtandaoni tu. Tovuti zilipendeza, majina yalisikika ya kuheshimika, na simu zilipokewa. Anayekagua cheti kwa kuangalia tovuti ya chuo anakuwa amemuuliza muuzaji kuhusu bidhaa yake. Wa kuulizwa ni mamlaka ya elimu ya nchi husika.

Ugumu wa pili uko kwenye alama, na hapa makosa hufanyika kwa nia njema. Katika vyuo vikuu vya Tanzania, nafasi ya mkufunzi msaidizi hudai wastani usiopungua 3.8 katika shahada ya kwanza, kwa kipimo cha 5. Mtanzania aliyesoma Marekani analeta 3.6. Asiyejua husema amekosa kwa pointi mbili tu. Anayejua kidogo hukumbuka kwamba Wamarekani hupima kwa 4, hivyo anazidisha kwa uwiano, anapata 4.5 na kumpa daraja la kwanza.

Wote wawili wamekosea. Kwa kawaida kipimo cha Tanzania hutoa 5 kwa A, 4 kwa B+, 3 kwa B na 2 kwa C. Cha Marekani hutoa 4 kwa A, 3 kwa B na 2 kwa C. Mwanafunzi aliyepata B tupu huko ana 3; ukiizidisha kwa uwiano inakuwa 3.75, karibu kabisa na ule wastani wa ukufunzi, ilhali mwenzake wa hapa mwenye B tupu anabaki na 3. Uwiano unawabeba wa kati na wa chini. Njia ya haki ni kufungua transkripti na kuona alama somo kwa somo.

Hata zile asilimia 68 za Lubumbashi zinahitaji jicho hilo. Huko, alama za 50 hadi 69 huwekwa katika kapu moja liitwalo satisfaksion, na distinksion huanzia 70. Aliyepata 51 na aliyepata 68 wanabeba neno moja kwenye cheti.

Baada ya yote, barua ya TCU ina mipaka yake. Inasema cheti kiko ngazi gani. Haisemi kama masomo yaliyosomwa yanafaa kazi iliyotangazwa. Hilo linabaki kwa mwajiri. Wala haimpi mtu leseni: daktari aliyesoma nje bado atakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika, na mhandisi Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Mwombaji naye ana la kufanya. Asijipandishe ngazi kwa kuita lisansi ya miaka mitano shahada ya uzamili, hata kama hesabu inamuunga mkono. Aandike jina kama lilivyo kwenye cheti, nchi, mwaka wa kuanza na kumaliza, na alama pamoja na kipimo chake: 3.6 kati ya 4. Kisha aambatishe barua ya utambuzi. Matangazo ya ajira serikalini huelekeza wazi kwamba vyeti vya vyuo vya nje viwe vimehakikiwa, na mara nyingi dirisha la maombi hudumu wiki mbili hivi. Anayesubiri tangazo litoke ndipo aanze kuitafuta barua huenda akaipata wakati dirisha limeshafungwa.